Skrini haizunguki, dira inapotosha: jua kwanza ni kitambuzi kipi

Matatizo haya mawili huletwa kwa fundi kama tatizo moja, na ushauri unaotolewa nao huwa mmoja: shika simu, chora namba nane hewani. Kwa dira ushauri huo una msingi. Kwa skrini iliyogoma kuzunguka hausaidii kitu, kwa sababu skrini na dira havitegemei kitambuzi kimoja.

Skrini huzungushwa na kipima mchapuko. Hiki ni kidude kidogo sana kwenye bodi ya simu kinachohisi mvutano wa dunia unaelekea upande gani wa simu. Ukisimamisha simu, mvutano unashuka kuelekea chini ya kioo; ukiilaza ubavu, unaelekea pembeni, na simu inageuza picha. Sumaku haikigusi kabisa. Kava lako liwe na sumaku moja au kumi, kipima mchapuko kitaendelea kusoma vilevile.

Dira inatumia magnetomita, kitambuzi kinachopima uga wa sumaku. Huyu ndiye mwenye ugomvi na makava ya sumaku, spika, vishikizi vya simu kwenye gari na milango ya chuma. Lakini magnetomita haifanyi kazi peke yake: ili ijue kaskazini iko wapi wakati umeinamisha simu mkononi, inaomba msaada wa kipima mchapuko kiiambie chini ni wapi. Ndiyo maana kipima mchapuko kikifa, skrini inagoma na dira nayo inayumba, ilhali magnetomita ikiharibika, dira inapotea lakini skrini inazunguka kama kawaida.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jiulize swali hili: kinachosumbua ni skrini tu, dira tu, au vyote viwili? Jibu lake linakupunguzia nusu ya kazi.

Soma namba, usikisie

Chombo bora cha kupimia ni programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ipo kwenye Android na iPhone. Inakuonyesha namba zinazotoka kwenye kitambuzi, kwa hiyo huhitaji kubishana na mshale wa programu nyingine. Tutatumia vipimo vyake viwili tu: Acceleration with g, na Magnetometer.

Kwenye Samsung nyingi kuna njia isiyohitaji kupakua chochote. Fungua sehemu ya kupigia simu, andika msimbo huu, kisha bonyeza Sensor:

```
*#0*#
```

Xiaomi na Redmi zina ukurasa wao wa majaribio, unaofunguka kwa msimbo huu:

```
*#*#6484#*#*
```

Ukifungua kipimo cha magnetomita ukakuta simu inasema kitambuzi hakipo, ishia hapo. Simu nyingi za bei nafuu hazikuwekewa magnetomita toka kiwandani, na nyingi pia hazina jairoskopu, kitambuzi cha kupima simu inavyozunguka. Programu ya dira bado itafunguka, mshale utaonekana, lakini utakuwa umeganda au utategemea GPS ukiwa unatembea. Hakuna namba nane itakayoleta kitambuzi ambacho hakikuwekwa. Ukitaka kununua simu kwa ajili ya dira, angalia orodha ya vitambuzi vyake na utafute neno compass au magnetometer; lisipokuwepo, usitegemee kulikuta baadaye.

Skrini haizunguki

Anza na yale yasiyogharimu kitu. Shusha pazia la juu uone kitufe cha Auto-rotate. Kama simu yako iko kwa Kiswahili, kinatajwa kwa maneno ya kuzungusha kiotomatiki. Samsung huandika Portrait kikiwa kimefungwa. Kwenye iPhone fungua Control Center utafute alama ya kufuli yenye mshale unaoizunguka: ikiwa imekolea rangi, umefunga mzunguko.

Kisha hakikisha unajaribia mahali panaporuhusu kuzunguka. Ukurasa wa mwanzo wa simu nyingi haugeuki hata simu ikiwa nzima, na programu kadhaa, zikiwemo nyingi za benki, zimetengenezwa zikae wima tu. Jaribu kwa picha iliyomo kwenye simu au kwa kivinjari. Picha ikigeuka, simu yako haina tatizo lolote, ni programu ile tu haitaki kulala.

Kosa jingine linaloonekana kama ugonjwa ni kujaribu simu ikiwa imelala mezani. Ikiwa bapa, mvutano wote unapita mgongoni mwake, na simu haina namna ya kujua upande upi unauita juu. Hata ukiizungusha mezani duara zima, picha haitageuka. Inua simu isimame angalau nusu, halafu igeuze.

Kama bado imegoma, fungua phyphox, kipimo cha Acceleration with g, na usome namba tatu. X ni upana wa simu, Y ni urefu wake, Z ni unene, kutoka mgongoni kuja kwenye kioo. Weka simu mezani, kioo kikitazama juu: Z isome karibu 9.8, X na Y zikaribie sifuri. Isimamishe wima: sasa 9.8 ihamie Y. Ilaze ubavu: ihamie X. Alama ya kutoa au kujumlisha inategemea ni ubavu upi, usihangaike nayo. Tofauti ya sehemu chache za kumi ni ya kawaida.

Namba zikihama vizuri hivyo, kitambuzi ni kizima na tatizo liko kwenye mpangilio au programu. Washa simu upya. Ikishindikana, iwashe kwa Safe mode, hali ambayo programu ulizopakia mwenyewe hazifanyi kazi, na ambayo kwenye Android nyingi hupatikana kwa kufungua menyu ya kuzima simu kisha kushikilia neno Power off mpaka ikuulize. Ikizunguka ndani ya Safe mode, kuna programu uliyoipakia inayolazimisha skrini isimame. Mara nyingi ni ile ya kubadilisha mwonekano wa ukurasa wa mwanzo, ya kudhibiti mzunguko, au ya kurekodi skrini. Ondoa za karibuni moja moja. Mwenye waya na kompyuta iliyowekwa adb, programu ya kuiamuru Android kutoka kwenye kompyuta, akishawasha USB debugging kwenye simu anaweza kuiuliza moja kwa moja kama mzunguko umeruhusiwa:

```
adb shell settings get system accelerometer_rotation
```

Jibu 1 ni ndiyo, 0 ni hapana. Ikitoa 0 ilhali kitufe kinaonyesha kimewashwa, ilazimishe:

```
adb shell settings put system accelerometer_rotation 1
```

Namba zikiwa zimeganda, au zote ni sifuri, angalia kwanza kitu kimoja kinachosahaulika sana. Ndani ya Developer options, menyu ya Android iliyokusudiwa watengenezaji wa programu, kwenye Quick settings developer tiles, kuna kitufe kiitwacho Sensors Off. Kikiwashwa kinazima vitambuzi vyote kwa pamoja, na kamera na maikrofoni pia. Dalili yake ni hiyo hiyo: skrini haigeuki, dira imekufa, kamera haifunguki, na programu ya kurekodi sauti hainasi kitu. Watu wameshafungua simu na kubadilisha kamera nzima kwa sababu ya kitufe hiki. Kizime, mambo yote yanarudi palepale.

Na namba zikihama lakini zimepinda? Tuseme simu imelala kwenye meza iliyonyooka na X inasoma 3.4 badala ya sifuri. Kwa hesabu ya mvutano hiyo ni sawa na simu inayoamini imeinama digrii 20. Utaiona kwa tabia: inageuka haraka mno ukiielekeza upande mmoja, na upande wa pili inabidi uikung'ute ndipo igeuke. Hapa ndipo urekebishaji wa kipima mchapuko unapohitajika, na haufanywi kwa namba nane. Unafanywa simu ikiwa imetulia bapa. Kwenye ukurasa wa majaribio wa Xiaomi kuna sehemu yake: weka simu juu ya kioo cha meza au kigae, hakikisha mlima wa kamera hauinyanyui upande mmoja (weka kamera nje ya ukingo wa meza), anza, usiiguse mpaka ikuambie imemaliza. Simu nyingine nyingi hazimpi mtumiaji njia hiyo. Programu za dukani zinazodai kurekebisha vitambuzi vyote haziwezi kuandika kwenye mfumo wa simu. Zinabadilisha namba ndani yao wenyewe tu, na ukitoka kila kitu kiko vilevile.

Simu iliyoanguka au iliyopigwa hewa ya moto ya mashine ya fundi karibu na kitambuzi ndiyo inayopinda kwa kiasi hicho. Kuipigapiga kiganjani ili kitambuzi kiachie ni tabia ya kuacha. Ndani kuna sehemu zenye ukubwa wa maikromita, na ukiigonga unaweza kuvunja kilichokuwa kimekwama tu.

Dira inapotosha

Hapa ndipo kwenye mengi, na ndipo kava linapoingia.

Uga wa sumaku wa dunia ni dhaifu. Nguvu yake hupimwa kwa mikrotesla: duniani kote uko kati ya takriban mikrotesla 25 na 65, na kwetu, karibu na ikweta, uko upande wa chini: pwani ya Tanzania na Kenya ni kama 33 au 34. Tena si wote unaoelekea kaskazini, kwa kuwa sehemu yake inaelekea juu au chini. Dar es Salaam sehemu iliyo bapa, ile inayovuta dira, ni kama 28 tu. Kwa hiyo kosa dogo la mikrotesla 10 kutoka pembeni linatosha kuusukuma mshale digrii 20 hivi. Likifika 28, mshale umepotea digrii 45. Sasa sumaku ya kufungia kava, ikikaa sentimita chache kutoka kwenye magnetomita, inaweza kuleta mamia ya mikrotesla.

Unaweza kujiuliza, basi dira za simu zinafanyaje kazi, maana ndani ya simu yenyewe kuna sumaku za spika, za mtetemo na za kamera? Jibu ndilo ufunguo wa kila kitu kinachofuata. Sumaku iliyofungwa ndani ya simu inageuka pamoja na simu. Ukiielekeza simu kaskazini, mashariki au chini, sumaku ile inasukuma magnetomita kuelekea ubavu uleule kwa nguvu ileile. Uga wa dunia ndio unaobadilika. Ukigeuza simu kila upande, vipimo vyote vinajipanga kama ngozi ya chungwa, na kitovu cha chungwa hilo ndicho kiasi cha sumaku za ndani. Simu inakitafuta kitovu, inakitoa, kinachobaki ni dunia. Kazi yote ya namba nane ni hiyo, kumpatia kitambuzi vipimo vya kutosha kuzunguka chungwa zima.

Kutokana na hapo mambo matatu yanafuata.

La kwanza, kuchora nane kwa mkono huku kioo cha simu kikikutazama muda wote hakusaidii. Mkono unatembea lakini simu haigeuki, na kitambuzi kinapata kipande kidogo tu cha ngozi. Kiwiko kitulie, kifundo cha mkono ndicho kifanye kazi: kioo kitazame juu, kisha chini, ubavu wa kushoto uwe chini, wa kulia uwe chini, kichwa cha simu kielekee ardhini, kisha mbinguni. Sekunde 15 hadi 20 bila haraka zinatosha. Fanya hivyo nje, mita tatu au zaidi kutoka kwenye gari, geti la chuma na nguzo, wala si juu ya sakafu ya ghorofa iliyojaa nondo. Ukitumia Google Maps, gusa kidoti cha bluu kisha Calibrate, uone jinsi mwale wa bluu unavyopungua upana; mwale mpana maana yake simu haina uhakika. Kwenye ukurasa wa Samsung, kipimo cha Magnetic Sensor kinaonyesha namba kuanzia 0 hadi 3, nawe unaitafuta 3. iPhone haina kitufe cha kurekebisha. Inajirekebisha yenyewe, mradi Location Services imewashwa na ndani ya System Services umeacha Compass Calibration ikiwa wazi.

La pili, sumaku isiyosogea inasameheka. Kava lenye duara la sumaku linalobana mgongoni kwa namna ileile siku zote, kama yale ya MagSafe yaliyokuja na iPhone 12 mwaka 2020, linaweza kukaa kwa amani na dira, kwa sababu simu inalihesabu kama sehemu yake. Linakuwa tatizo pale sumaku ikiwa kali mno, kwani kukitoa kitu cha mikrotesla 600 ili ubaki na 34 kunahitaji usahihi mkubwa, na joto likibadilika kidogo tu hesabu inateleza.

La tatu, na ndilo linalowasumbua wengi, sumaku inayosogea haisameheki kamwe. Kava la kufunga na kufungua kama kitabu lina sumaku kwenye ulimi wake. Likifungwa, sumaku iko mbele ya kioo. Likikunjwa nyuma, sumaku imehamia mgongoni. Kila mkunjo una kitovu chake, na marekebisho ya mkunjo mmoja ni uongo kwa mwingine. Hivyo hivyo pochi ya kadi inayobandikwa kwa sumaku, pete ya kushikia simu inayozunguka, na betri ya nje inayong'ang'ania mgongoni.

Ndiyo sababu mtu anavua kava, anaona dira imezidi kupotea, kisha anaamua kwamba kava halikuwa na kosa. Hakukosea kulivua. Simu ilikuwa bado inatoa ile sumaku ambayo haipo tena. Ukivua kava, rekebisha upya papo hapo ndipo upime. Ukilirudisha, rekebisha tena.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Simu ya Android iko Dar es Salaam. Skrini inazunguka vizuri. Programu ya kibla inaelekeza upande wa mashariki. Simu ina kava la kitabu lenye ulimi wa sumaku, na kati ya kava na mgongo wa simu kuna kibamba cha chuma cha kunasia kwenye kishikizi cha gari.

Kwanza soma namba ambayo programu inaitaja kama pembe ya kibla, usiangalie mshale. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini kabisa: digrii 1 hivi kuelekea mashariki. Zanzibar ni hivyo hivyo, Mombasa ni chini ya digrii 1, Nairobi ni kama 7. Programu ikionyesha 266, haina shida ya sumaku: bado inaamini uko Maskati, na dawa yake ni kuwasha mahali na kuiruhusu isome upya. Hapa tuseme inaonyesha 1. Basi hesabu ni sahihi, dira ndiyo inayodanganya.

Usilaumu pia tofauti kati ya kaskazini ya kweli na kaskazini ya sumaku. Ipo, na simu ikijua mahali ulipo inaisahihisha yenyewe, lakini katika eneo letu ni digrii chache tu. Mshale uliopotea digrii 60 haujapotezwa na hiyo.

Pili, toka nje, fungua Magnetometer kwenye phyphox, na utazame jumla ya uga, iliyoandikwa Absolute. Namba hii ndiyo ya thamani kuliko zote, kwa sababu ukigeuza simu mahali pamoja haitakiwi kubadilika. Tuseme kava likiwa limefungwa inasoma 36, ukilikunja nyuma inaruka hadi 118. Hapo hakuna cha kujadili: dunia haikubadilika, ulimi wa kava ndio umehama. Soma haraka, maana Android huwa inajirekebisha taratibu yenyewe, na ukisubiri namba itaanza kushuka.

Tatu, vua kava, acha kibamba kwa plasta ya muda mgongoni kilipokuwa. Rekebisha, kisha geuza simu pole pole duara zima. Namba inapanda hadi 52 na kushuka hadi 27. Hiyo ni dalili ya chuma, na ni tofauti kidogo na sumaku: kibamba kinavuta mistari ya uga wa dunia na kuupinda, kiasi cha kupinda kikitegemea upande unaoelekea. Chungwa linabonyea. Simu nyingine zinaweza kusahihisha ubonyeo huo, nyingi haziwezi vizuri. Isitoshe, kibamba kinachokaa kila siku kwenye kishikizi cha sumaku chenyewe kinageuka kuwa sumaku, na nguvu yake inabadilika kila kikinaswa.

Nne, ondoa kibamba, rekebisha tena. Sasa namba inabaki kati ya 32 na 36 upande wowote. Thibitisha kwa njia ya nusu duara: weka ubavu wa simu sambamba na ukingo wa meza ya mbao isiyo na misumari mikubwa, soma digrii, igeuze kichwa kiwe mkiani kwenye ukingo uleule, soma tena. Tofauti iwe 180, ikipungua au kuzidi digrii 3 au 4 hakuna ubaya. Ikiwa 150 au 210, bado kuna sumaku inayosafiri na simu.

Kilichobaki ni uamuzi. Ukihitaji kishikizi cha gari na kibla kwenye simu moja, achana na vishikizi vya sumaku, nunua kile kinachobana kwa makucha. Ukilipenda kava lako la kitabu, lichopoe kabla ya kutumia dira na urekebishe. Kusogeza kibamba pia kunasaidia kuliko unavyodhani: nguvu ya sumaku ndogo hushuka mara nane ukiuongeza umbali mara mbili. Magnetomita kwenye simu nyingi iko upande wa juu, hivyo kibamba kilichobandikwa chini kabisa kinaumiza kidogo kuliko kilichobandikwa karibu na kamera.

Namba zimetulia lakini mwelekeo bado si wenyewe

Jumla haibadiliki ukigeuza simu, jaribio la nusu duara limepita, na bado kaskazini haikubaliani na unavyojua. Hapo kosa liko nje ya simu. Tembea mita tatu, pima tena. Mshale ukihama kwa kutembea tu, ni nondo za sakafu, bomba, friji, gari, au paa la mabati lililo karibu. Ndani ya gari dira haiaminiki hata kidogo. Ukiwa mwendoni ramani inatumia GPS kujua unaelekea wapi, hivyo mshale unakaa sawa. Gari likisimama kwenye taa, simu inarudi kwenye magnetomita na mshale unageuka geuka. Si ugonjwa wa simu huo.

Ukitaka shahidi asiyejua sumaku, litumie jua. Mara mbili kwa mwaka linapita utosini mwa Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6:27 mchana, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, ambazo ndizo saa za Makka. Simamisha kijiti wima kwa uzi wenye jiwe. Dakika hiyo, kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye mguu wa kijiti ndiko kibla, kwa usahihi ambao dira ya simu haiufikii. Chora mstari sakafuni kwa chaki ya kudumu, utakuwa na kipimo cha kukagulia kila simu inayoingia nyumbani.

Siku nyingine zote, chagua kwenye picha ya setilaiti ya ramani ukuta mrefu au ukingo wa uwanja unaoufahamu, nenda usimame sambamba nao, ulinganishe.

Vyote viwili vimekufa, au simu imetoka kufunguliwa

Skrini na dira zikigoma pamoja, na Sensors Off imezimwa, soma kipima mchapuko kwanza. Kikiwa kimeganda, dira haikuwa na jinsi. Dalili inayofanana na hiyo, lakini nyepesi, ni dira iliyo sawa simu ikilala na inayoruka ukiiinua: hapo pia anza na kipima mchapuko kabla ya kulaumu sumaku.

Mwambie fundi kwamba vitambuzi hivi mara nyingi vinazungumza na simu kupitia njia mbili za pamoja za umeme. Kimoja kikipata shoti au maji kinaweza kuishika njia na kuvinyamazisha vyote, kwa hiyo kubadilisha kile kinachoonekana kimekufa si lazima kuwe dawa. Mwenye kompyuta anaweza kuona vitambuzi ambavyo mfumo unavitambua kwa:

```
adb shell dumpsys sensorservice
```

Kitambuzi kilichomo kwenye orodha lakini kisichotoa namba ni tofauti na kisichokuwepo kabisa. Cha kwanza kinaweza kurudi kwa kuwasha upya au kusasisha mfumo. Cha pili, kwenye simu iliyokuwa nacho jana, ni kazi ya bodi. Kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani kuwe hatua ya mwisho ya upande wa programu, na uhifadhi vitu vyako kwanza.

Dira iliyoharibika baada ya kubadilisha spika, kioo au betri ina sababu zake. Spika mpya inaweza kuwa na sumaku kali kuliko ya asili, na parafujo huwa zimenasa usumaku kutoka kwenye bisibisi ya fundi. Rekebisha kwanza, maana sumaku mpya isiyosogea inasameheka. Jumla ikibaki mamia hata baada ya kurekebisha, mwombe fundi arudishe spika ya zamani mezani pale pale mlinganishe namba.

Kabla hujalipa fundi, fungua phyphox mbele yake. Simu bapa: Z karibu 9.8. Ubavu: X karibu 9.8. Halafu tokeni wote nje ya duka, mbali na meza yake ya chuma na kaunta yenye spika, rekebisha, geuza simu duara zima, na jumla ya uga ikae karibu na 34.